Kijiko cha Mlonge na Bakuli la Uyoga

Kikapu kizima cha uyoga kikikauka, kinabaki viganja vitatu. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe niliishia darasa la nne. Halafu nikiwa mzee, na mvi zangu na maneno yangu mengi, nikalisahau kwa muda wa miezi mitatu, na mjukuu wangu akakonda mikononi mwangu.

Wacha nianzie kwa mama, maana bila mama hakuna uyoga.

Tulikaa juu kidogo ya Ilula, upande wa miti ya asili, enzi hizo miti ilikuwa bado miti. Mvua za mwisho wa mwaka zikishapiga wiki mbili tatu, mama ananusa hewa mlangoni kama mbwa wa kuwinda, anasema, "Leo umeota." Hakuwa anakosea. Tunaingia porini na vikapu, umande unatupiga mpaka magotini, na yeye mbele anafunua majani kwa kijiti. Uyoga wa njano, ule unaonukia kama tunda, tulikuwa tunaukuta umejipanga chini ya miti kama watoto kwenye mstari wa uji. Uyoga wa kichuguu ulikuwa mkubwa, mmoja unamfunika mtoto kichwa. Mama alitufundisha upi unaua kwa kutupiga makofi ya mkono. Ukiugusa wenye sketi na kikombe chini, kofi. Nimeshika somo mpaka leo, kuliko yote niliyofundishwa na mwalimu.

Mwingine tuliula siku hiyo hiyo. Mwingine mama aliuchemsha kidogo, akauanika kwenye ungo juu ya paa la banda. Siku ya kwanza ungo umejaa, unatamani. Siku ya nne unapanda kuangalia, umenywea, umekuwa vipande vyeusi kama masikio ya panya. Mara ya kwanza nililia. Nikadhani kaka yangu ameiba. Mama alicheka mpaka akaketi chini, akaniambia, "Hakuna aliyeiba. Maji yamekwenda kwao, yakirudi utauona." Akachukua kiganja kimoja akakitia kwenye maji ya vuguvugu, na jioni bakuli likajaa tena. Niliona kama uchawi.

Miaka mingi nimeuza uyoga ule mkavu pale barabarani, kati ya wauza nyanya na wauza vitunguu. Basi likisimama, wenzangu wanakimbia na ndoo za nyanya kichwani, mimi nakaa palepale na vifungu vyangu. Uyoga wangu haukumkimbilia mtu. Wenye kuujua walishuka wenyewe.

Basi. Mume wangu alipofariki, na magoti yangu yakaanza kugoma, mwanangu akasema nije Mbeya nikae nao. Wana nyumba Iyunga, si mbali na barabara kuu, malori yanapita mpaka vikombe vinagongana kabatini. Baridi ya kule si ya mchezo. Nilikuja na blanketi mbili, mfuko wa uyoga mkavu, na ndoo ya unga wa mlonge.

Huo mlonge ulikuwa fahari yangu. Mdogo wangu ameolewa kule chini bonde la Ruaha, kwenye joto, ambako mlonge unaota mpaka unakera. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikachuma majani, nikayaanika kivulini si juani, maana jua linayababua, nikatwanga kwenye kinu, nikachekecha kwa kitambaa. Unga laini kama poda ya mtoto, kijani kibichi. Ukifungua ndoo nyumba nzima inanukia majani.

Mkamwana wangu ni binti wa wafugaji, wale waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao wakaja kukaa bonde la Usangu. Mrefu, mpole, mchapakazi. Ana kibanda cha cherehani soko la Mwanjelwa, anashona sare za shule, anaondoka asubuhi anarudi jua linazama. Likizo ya uzazi yake alijipa mwenyewe, na mtoto alipofika mwaka na miezi miwili, akamwachisha ziwa, akaniachia mimi. Msichana, macho makubwa, kichwa cha babu yake. Nilimpokea kama mtu anayekabidhiwa kijiji.

Mwanzoni nilimlisha kama nilivyolishwa. Uji, maharage yaliyopondwa, ugali laini na mchuzi. Na kila baada ya wiki mbili mkwe mwenzangu, mama yake mkamwana, alikuwa anatuma kidumu cha mtindi kutoka Usangu kwa dereva anayemfahamu.

Huyo mama na mimi tulikuwa na utani wetu, na utani wa wakwe una meno. Alipokuja kutembelea mara ya kwanza aliniona nikiloweka uyoga, akaniuliza kwa heshima zote kama mvua ilikuwa imenyesha mpaka jikoni. Nikamwambia afadhali mimi nakula kitu kinachoota, kuliko anayesubiri maziwa yaharibike ndiyo ayaite chakula. Tukacheka wote. Lakini mimi nilichukua lile neno nikaliweka. Uyoga wa mama yangu si wa kuchekwa.

Sasa ikatokea siku moja mkamwana akarudi kutoka Mwanjelwa na kopo dogo. Ndani unga wa kijani cheusi, unanuka kama bwawa. Akasema inaitwa spirulina, ni kama mwani mdogo sana, unaota kwenye maji ya magadi, na mteja wake mmoja anayeuza virutubisho amemwambia hakuna protini kama hiyo duniani. Nikamwambia duniani hajafika kwenye ndoo yangu.

Mwanangu alikuwa amekaa na simu. Ni fundi wa umeme, anapenda kupima vitu. Akasema tusibishane, atatafuta. Akatafuta, akasoma kwa sauti. Spirulina, gramu mia, protini gramu karibu sitini. Mkamwana akatabasamu chini chini. Mlonge mkavu, gramu mia, ishirini na tano, ishirini na saba hivi. Nikasema na uyoga? Mkavu, akasema, ishirini na kitu, inategemea aina. Nikajisikia vizuri. Halafu, na hapa ndipo tulipopotea wote watatu, akaendelea kusoma. Yai, gramu mia, kumi na mbili au kumi na tatu. Maharage yaliyopikwa, gramu mia, tisa. Mtindi, tatu na nusu.

Mtindi tatu na nusu. Moyoni nilimwona mkwe mwenzangu na kidumu chake nikafurahi mpaka aibu.

Nikasema, "Kumbe tunamjaza mtoto maharage ya tisa, na ndoo ya ishirini na tano ipo hapa."

Hakuna aliyenipinga. Mwanangu alikuwa amesoma namba, mkamwana alikuwa na kopo lake la sitini, mimi nina fahari yangu. Na maharage, nisiseme uongo, yalikuwa yananichosha. Kuyachambua, kuyaloweka, kuyapika nusu siku kwenye baridi ile, kuyaponda, na mtoto usiku anajaa tumbo. Kijiko cha unga unakoroga tu kwenye uji, umemaliza.

Kuanzia hapo mtoto akala uji wa sembe, asubuhi na jioni, kila bakuli na kijiko changu cha chai cha mlonge. Mama yake akirudi anamchanganyia ncha ya kijiko ya spirulina, mtoto anakunja uso. Mchana ugali na uyoga, siku nyingine mkavu wangu, siku nyingine ule mbichi mweupe ambao jirani yetu anauotesha kwenye mifuko chumba cha nyuma. Maharage nikayaacha. Mtindi ukifika anakunywa mwanangu, na mimi kidogo, nisiwe mnafiki, maana ulikuwa mtamu.

Mwezi wa kwanza kliniki mtoto alikuwa kilo nane na gramu mia mbili. Mwezi wa pili, kilo nane na gramu mia mbili. Muuguzi akachora kitone kwenye kadi, mstari badala ya kupanda ukalala kama mtu aliyechoka. Akauliza anakula nini. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, mlonge, spirulina na uyoga. Akaandika, akasema tuone mwezi ujao.

Mwezi wa tatu kilo nane na gramu mia mbili. Akamfunga ule utepe wa rangi kwenye mkono, wa kupimia unene. Mwezi uliotangulia ulisoma kijani. Sasa ukasoma njano. Muuguzi alikuwa dada mnene, mpole, anaongea kwa lafudhi ya Kinyakyusa. Akasema mwezi ujao utepe ukishuka zaidi, atatuandikia hospitali kubwa, mtoto alazwe.

Mkamwana siku hiyo alikuwa amefunga kibanda ili aje na sisi. Tulipofika nyumbani akamlaza mtoto, akakunja kanga yake vizuri. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mama, mwezi ujao akiwa hajaongezeka nampeleka Usangu kwa mama yangu. Msinikasirikie."

Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana. Unajua maana yake mtoto wa mwanao kupelekwa kwa bibi mwingine akanenepe? Maana yake wewe umeshindwa kulisha. Mimi, niliyelea wanane, hakuna aliyekufa kwa njaa, na njaa tuliiona. Niliketi pale kwenye kigoda, malori yanapita, vikombe vinagongana, nikamtazama yule mtoto amelala na miguu kama vijiti vya mahindi. Na nikaona kweli. Nilikuwa namwangalia kila siku, lakini siku ile ndiyo nilimwona.

Muuguzi alikuwa ametuambia Alhamisi inayofuata kuna jiko darasa pale kliniki, kila mlezi aje na anachompikia mtoto, wapike pamoja. Nilikwenda mimi na mtoto mgongoni. Nilibeba ndoo yangu ya mlonge, kopo la spirulina, kiganja cha uyoga mkavu, na mfuko wa uyoga mbichi wa jirani. Nilikwenda, nisiseme uongo, nikitaka kumwonyesha yule dada kwamba si mimi. Labda mtoto ana minyoo. Labda mizani yao mbovu.

Tulikuwa akina mama kama kumi na wawili nyuma ya jengo, chini ya paa la mabati, majiko matatu ya mkaa. Muuguzi alikuwa na mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Kila mtu akaweka vitu vyake mezani. Zamu yangu ilipofika akasema, "Bibi, naona wewe umekuja na duka."

Wakacheka. Nikamwambia duka langu lina protini nyingi kuliko nyama zao zote, mwanangu amesoma kwenye simu.

Hakubishana. Aliniuliza tu ni ngapi. Nikamtajia, ishirini na tano, sitini, ishirini na kitu, nilikuwa nimezishika kama sala. Akasema namba zangu ni sahihi. Nikawatazama wenzangu. Halafu akasema, "Hizo ni za gramu mia. Hebu tuzione gramu mia za mlonge."

Akaweka sahani kwenye mizani, akaanza kuchota kutoka kwenye ndoo yangu. Akachota, akachota. Unga ukawa kichuguu. Ukaanza kumwagika pembeni ya sahani na mizani bado inasema themanini. Alipofika mia, ilikuwa ni kilima cha kijani, mtoto angeweza kujificha nyuma yake.

"Mjukuu wako anakula hii kwa siku?" akauliza.

Nikamwambia anakula kijiko cha chai asubuhi na kingine jioni. Akanipa kijiko nichote mwenyewe kama ninavyochota nyumbani. Nikachota, nikakisawazisha kwa kidole. Mizani ikasema gramu mbili.

"Gramu mbili," akasema. "Robo yake tu ndiyo protini. Nusu gramu. Vijiko vyako viwili, gramu moja kwa siku. Mtoto wa umri huu anahitaji kama gramu kumi na tatu."

Nikachota kingine. Mizani ikarudia mbili.

Akaendelea na spirulina. Kijiko cha chai kilichojaa kilikuwa gramu mbili na kidogo. Akasema humo kuna protini kama gramu moja na nusu, haifiki, na mama yake alikuwa anatia ncha tu. Mtu mzima akinywa kijiko cha mezani kizima anapata gramu nne, si haba, kama ataweza harufu. Lakini akatuambia kwa mtoto mdogo tuiache, maana hakuna anayejua kopo lile limetoka maji gani na kama limepimwa. Maji machafu yanaota na vitu vingine visivyofaa. Nikakumbuka ile harufu ya bwawa.

Halafu akachukua uyoga. Nikasema moyoni, sasa hapa. Akaniambia nimpimie bakuli la mtoto, kiasi anachomaliza. Nikaweka ule mbichi kwenye bakuli la plastiki la mjukuu wangu, lenye picha ya bata. Gramu sitini. Akasema uyoga mbichi katika gramu mia una tatu tu za protini, kwa hiyo bakuli hili halifiki hata gramu mbili. Nikamwambia huo ni wa mifuko, wa kwangu ni mkavu, una ishirini na kitu. Akasema sawa, pima wa kwako, lakini pima ule unaojaza bakuli hilo hilo ukishalowekwa.

Nikashika kiganja kidogo cha vile vipande vyeusi. Gramu sita.

Aliniacha niangalie. Na mimi nikiangalia ile sita kwenye kioo cha mizani, nikasikia kicheko cha mama yangu pale bandani. Maji yamekwenda kwao. Bakuli ni lile lile. Uyoga ule ule, mkavu au mbichi, kinachoingia kwenye tumbo la mtoto ni kile kile, gramu mbili zisizotimia. Ile ishirini na kitu ilikuwa kubwa kwa sababu maji yalikuwa hayapo mezani. Na mlonge vilevile. Na spirulina vilevile. Na maharage yangu ya tisa, maskini, yalikuwa yamepimwa yakiwa na maji yake tumboni. Tulikuwa tumeshindanisha mtu aliyevua nguo na mtu aliyevaa koti la mvua, tukamwona wa koti hana nyama, kumbe uzito wake mwingi ni koti. Mimi niliyeanika uyoga miaka hamsini. Angekosea daktari ningemsamehe.

Nikasema kwa sauti, "Nilijua hili nikiwa na miaka mitano."

Muuguzi hakuelewa, na sikumweleza. Mama mmoja mwenye mapacha akauliza basi yai lina ngapi. Akalivunja kwenye bakuli. Moja, gramu sita za protini. Akasema ukitaka kulipata yai hilo kwenye mlonge unahitaji vijiko vya chai kumi na viwili. Akavichota kwenye kikombe mbele yetu, akavihesabu. Mimi na ubishi wangu nikasema naweza kuvila. Nikala vitatu. Cha nne kikanipanda puani, nikakohoa vumbi la kijani mpaka mtoto mgongoni akaanza kucheka, na wale akina mama wakanipiga mgongo, mwingine akinipa maji, mwingine akiniambia, "Bibi, bado vinane, usituangushe." Tulicheka sana. Nimezeeka, lakini nakumbuka nilicheka huku machozi yanatoka, na si yote ya mlonge.

Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa, gramu saba. Kikombe cha mtindi, sita au saba. Kiganja cha karanga, saba. Vitu vya siku zote, vinavyokaa jikoni bila kujitangaza. Akasema mlonge tusiutupe, una madini ya chuma na vitamini, ni mboga nzuri, utiwe kidogo kwenye uji kama mboga. Uyoga nao ni kitoweo kitamu, mtoto ale. Ila mboga isipewe kazi ya maharage. Na akasema protini peke yake haimnenepeshi mtoto, uji wangu wa sembe tupu ulikuwa mwepesi, uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa na mafuta kidogo, na mtoto ale mara nne tano, si mara tatu kama mkulima.

Akapika mbele yetu. Nilimwangalia akiponda karanga akazimimina kwenye sufuria ya uyoga wangu, na maharage pembeni, na ule mvuke ukanipeleka mbali. Mama alikuwa anafanya hivyo hivyo. Miaka yote ile nilikumbuka uyoga tu, umande na kofi na ungo juu ya paa. Nilisahau karanga ambazo alikuwa anazitwanga dada yangu, nilisahau chungu cha maharage ambacho hakikutoka motoni kwetu, kimekaa pale pembeni, cheusi, hakuna aliyekitazama. Sisi watoto tulililia uyoga, mama anatupa vipande viwili vitatu juu, chini amejaza maharage. Nilidhani ni uchoyo. Nilidhani anabakiza wa kuuza.

Nilirudi nyumbani nikaloweka maharage kabla sijavua viatu.

Jambo gumu halikuwa maharage. Jambo gumu lilikuwa simu. Mwanangu alinipigia namba ya mkwe mwenzangu, akaniwekea sikioni, akatoka nje, maana anamjua mama yake. Tukasalimiana, mimi Kihehe, yeye Kisukuma, kama desturi yetu, kila mmoja akijifanya hamwelewi mwenzake. Nikamuuliza habari za ng'ombe. Wazima. Nikamuuliza mvua. Ipo. Yeye hakuniuliza nimepigia nini, mwanamke yule ana subira ya fisi.

Nikasema, "Mkwe, nahitaji ule mtindi. Wa mtoto. Kila wiki kama inawezekana."

Akasema, "Ule ulioharibika?"

Nikasema, "Huo huo."

Nilisubiri anicheke. Akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba ng'ombe mmoja amezaa juzi, atatuma, na akaniuliza mjukuu wetu ana hali gani. Alisema wetu. Nikamweleza yote, mpaka kilima cha kijani kwenye sahani, mpaka kukohoa. Hapo ndipo alipocheka, na nikamwacha acheke kwa raha zake.

Mwezi ule sikuutoa mguu nje ya nyumba. Asubuhi uji mzito na karanga, na kijiko cha mlonge juu kwa ajili ya rangi na damu. Saa nne mtindi kwenye kikombe kidogo. Mchana maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, nayaloweka usiku na kumwaga maji, tumbo likaacha kujaa. Yai kila siku ya pili. Jioni ugali na uyoga, na karanga, kama nyumbani. Spirulina aliimaliza mwanangu, alisema haachi kitu kilichokwisha nunuliwa, akawa anakunywa amefumba macho.

Siku ya kliniki mkamwana alifunga kibanda tena. Alikuja na begi la mtoto. Nililiona mlangoni, limejaa nguo, limefungwa vizuri, na nikajua ni la Usangu. Hakuna aliyelitaja. Tulitembea mpaka kliniki begi begani kwake, mtoto mgongoni kwangu, na nilimfunga kwa kanga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Muuguzi akamning'iniza kwenye mizani. Mtoto akapiga mateke, mshale ukacheza, hautulii. Ukatulia kwenye nane na gramu mia sita. Kwenye utepe, ukingo wa njano ulikuwa umepitwa, kijani kimeingia kidogo kama nyasi zinavyochungulia baada ya mvua ya kwanza. Muuguzi akachora kitone juu ya vile vitatu vilivyolala, akaunganisha mstari, ukapanda.

Mkamwana akanitazama, akashusha begi kutoka begani, akalishika mkononi. Tulipofika nyumbani alitoa zile nguo moja moja, akazirudisha kwenye sanduku. Hakusema samahani, na sikuitaka. Aliniuliza tu kama maharage yapo ya kutosha au anunue akipita Mwanjelwa kesho.

Mjukuu yule sasa ameanza darasa la kwanza, ana mbio, ana mdomo kama wangu. Mimi nimerudi Ilula, magoti yamekubali kidogo. Mvua zikipiga namsubiri aje likizo. Mwaka jana nilimpeleka kwenye miti iliyobaki, tukapata kikapu kimoja, si kama zamani. Tukauanika kwenye ungo. Siku ya nne alipanda kwenye kiti kuchungulia, akateremka uso umemshuka, akaniambia bibi, uyoga umeibiwa.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikamwambia alichoniambia mama, kuhusu maji. Na chungu cha maharage kilikuwa pale pembeni, kinachemka.